Seva zinazima ghafla umeme ukikatika: dakika za betri na nani azimwe kwanza

*"Nasimamia TEHAMA katika hospitali moja huku Tanga. Tuna seva tatu za Proxmox, na mashine pepe zote zinakaa kwenye NAS moja kupitia NFS. Seva ya kwanza ina PostgreSQL ya mfumo wa wagonjwa, ya pili ina programu zenyewe, ya tatu ni ya mafunzo na majaribio. Vyote viko kwenye UPS moja ya kVA 3 yenye betri nane za volti 12, Ah 9, zenye miaka mitatu. Chumba hufika nyuzi 33. UPS inaonyesha mzigo wa wati 1400. Muuzaji alituambia tutapata nusu saa, lakini sasa kila kitu kinakufa baada ya dakika sita au saba, kabla mlinzi hajawasha jenereta, kazi inayomchukua kama dakika kumi. Kebo ya USB ya UPS imechomekwa kwenye NAS, nayo huzima vizuri. Seva ndizo zinazokatika ghafla, na mara mbili mashine pepe zimeamka na diski zilizoharibika. Bosi anataka tununue UPS ya kVA 6. Je, itatosha?"*

Ndugu yangu, UPS ya kVA 6 peke yake haitatosha, na huenda hata msiihitaji. Nakushukuru kwa kuandika vipimo, kwa sababu vimeniwezesha kukupigia hesabu halisi badala ya kukisia. Ila kabla ya hesabu, naomba turudi kwenye jambo ulilolitaja kama habari njema, kwamba NAS huzima vizuri. Mimi naona hapo ndipo diski zenu zinapoharibikia.

Fikiria kinachotokea dakika ya tano baada ya umeme kukatika. NAS inaongea na UPS kwa kebo ya USB, inaona betri inakaribia kwisha, inafunga huduma ya NFS na kujizima kwa utulivu. Seva tatu hazina kebo wala taarifa yoyote, kwa hiyo zinaendelea na kazi kana kwamba umeme upo. Mashine pepe ya PostgreSQL inaandika rekodi ya mgonjwa, maandishi yanakwenda kwa Proxmox, Proxmox inayapeleka kwenye NAS, na NAS haipo. Kwa kawaida ya NFS, seva haikati tamaa, bali inasubiri jibu na kujaribu tena bila kikomo. Ndani ya mashine pepe, kila programu inayogusa diski inaganda mahali pake. Dakika moja au mbili baadaye betri inakwisha, na seva zinakatika zikiwa na maandishi yaliyoning'inia njiani, yasiyofika diskini na yasiyoweza kurudi.

Unaweza kuthibitisha hili bila kuamini neno langu. Seva zikishawaka, fungua kumbukumbu za matukio ya mwasho uliotangulia kwa amri hii:

```
journalctl -b -1 | grep -i "not responding"
```

Ukiona mistari inayosema `nfs: server ... not responding` katika dakika za mwisho kabla ya kimya, basi NAS iliondoka kwanza na seva zikabaki. Tukio likiendelea, konsoli ya mashine pepe inaweza pia kuonyesha `blocked for more than 120 seconds`, ambayo ni kernel ya Linux inayolalamika kwamba kazi fulani imekwama ikisubiri diski. Angalia pia jambo la pembeni linaloongeza madhara: endesha `qm config 101 | grep cache` kwa kila mashine pepe, ukiweka namba yake. Ukikuta `cache=unsafe` popote, ondoa leo hii. Hali hiyo huifanya seva iiambie PostgreSQL kwamba data imeshafika salama wakati bado iko kwenye RAM. PostgreSQL imeundwa kuhimili kukatika kwa umeme, kwa sababu huandika kwanza kwenye daftari lake la miamala na kusubiri uthibitisho wa diski, lakini haiwezi kujilinda dhidi ya uthibitisho wa uongo.

Kwa hiyo hata mkinunua UPS yenye kuchukua saa nzima, utaratibu huu usipobadilika, siku betri itakapokwisha NAS itaondoka kwanza na seva zitakufa vilevile. Mtakuwa mmelipia pesa nyingi kuahirisha ajali ileile.

Sasa tuje kwenye kVA. Watu wengi, wakiwemo wauzaji wenye nia njema, huchukulia kwamba UPS kubwa ni UPS inayodumu. kVA ni kama upana wa bomba, na betri ni ujazo wa simtangi: bomba pana linakuwezesha kufungua mabomba mengi ya nyumba kwa pamoja, lakini haliongezi maji. UPS yenu ya kVA 3, ikiwa kipengele chake cha nguvu ni 0.9, inaweza kubeba wati 2700. Ninyi mnatumia 1400, yaani nusu tu na kidogo. Uwezo wa kubeba mzigo mnao wa kutosha, na kilichowapungukia ni dakika, ambazo hutoka kwenye betri.

Nadhani naelewa nusu saa ya muuzaji ilitoka wapi. Betri nane za volti 12 na Ah 9 zina wati-saa 864 kwenye karatasi. Toa asilimia 10 inayopotea kwenye inveta, gawanya kwa wati 1400, unapata dakika 33. Hesabu ni sahihi ila msingi wake sio. Ah 9 iliyoandikwa kwenye betri hupimwa kwa kuimwaga taratibu kwa saa 20, yaani chini ya nusu ampia. Ninyi mnaitaka itoe zaidi ya ampia 16, mara 36 ya kasi hiyo. Betri ya risasi ikivutwa kwa nguvu hivyo, asidi iliyomo haiwahi kupenya ndani ya sahani zake, volti hushuka mapema, na UPS hukata ili isiiue betri ingawa bado kuna chaji ndani.

Ndiyo maana watengenezaji wa betri za UPS huandika kipimo cha pili, ambacho ndicho cha kutumia: wati kwa kila seli kwa dakika kadhaa. Betri nzuri ya Ah 9 ya aina hii hutoa takriban wati 34 kwa seli kwa dakika 15, ikiwa mpya na katika nyuzi 25. Kila betri ina seli sita, na mna betri nane, kwa hiyo jumla ni wati 1632 kwa dakika 15. Mzigo wenu, ukiongeza kinachopotea kwenye inveta, unavuta kama wati 1556 kutoka kwenye betri. Ukweli wenu siku ya kwanza ulikuwa dakika 16 hivi, na nusu saa haikuwahi kuwepo. Muuzaji akikupa muda wowote, mwombe jedwali la wati na dakika la betri husika, na usome mstari wa mzigo wako.

Kutoka dakika 16 hadi sita ni kazi ya joto na umri. Betri hizi hutengenezwa zidumu miaka mitatu hadi mitano katika nyuzi 25, na kila nyuzi kumi zinazozidi hapo hukata uhai wake karibu nusu. Watengenezaji wengine husema ni nyuzi nane. Katika chumba cha nyuzi 33, betri za miaka mitatu zimeshazeeka. Kipimo cha kawaida cha kuistaafisha betri ni pale uwezo wake unaposhuka hadi asilimia 80, na baada ya hapo huporomoka haraka. Zenu zimeshapita hapo. Wakati wa kuzibadilisha, badilisheni zote nane kwa siku moja, maana betri moja chovu katika mfululizo huziangusha zote.

Swali la kujiuliza sasa ni dakika ngapi mnazihitaji, na jibu lake mnalipata kwa kupima kazi ya kuzima yenyewe. Chagueni usiku mmoja wa wikendi, baada ya kuchukua nakala rudufu, mzime kila kitu kwa mkono huku mtu ameshika saa. Kwa mifumo ya ukubwa wenu ningetegemea mashine pepe za programu zichukue hadi dakika mbili, PostgreSQL hadi nne kama ina kazi nyingi za kumalizia, seva zenyewe mbili, na NAS mbili. Hizo ni dakika kumi. Ongeza dakika mbili za kusubiri mwanzoni, ili umeme unaokatika na kurudi mara moja usiwazimishe bure, na bajeti yenu ni dakika 12. Tumieni namba zenu mtakazopima, na pale ambapo kipimo kinabadilika kila mara chukueni kile kirefu.

Dakika 12 zinaingia ndani ya 16 za betri mpya, lakini betri zikifika mwisho wa uhai wake hamtabaki na akiba yoyote. Hapo ndipo seva yenu ya tatu inapokuwa na faida. Ni ya mafunzo na majaribio, na hakuna mgonjwa atakayeathirika ikizimwa. Ikiwa inakula kama wati 300 na mkaizima nusu dakika baada ya umeme kukatika, mzigo unashuka hadi 1100 na betri mpya zitawapa dakika 20 hivi. Angalia kwamba mmepunguza mzigo kwa asilimia 21 na muda umeongezeka kwa takriban robo au zaidi, kwa sababu chaji ileile inagawanywa kwa wati chache zaidi, na betri isiyokamuliwa sana hutoa sehemu kubwa zaidi ya kilichomo. Hata zikizeeka hadi asilimia 80, mtakuwa na dakika 16 hivi dhidi ya 12 mnazohitaji. Akiba ya theluthi moja ndiyo kiasi ambacho mimi naridhika nacho kwa hospitali.

Bosi wako ana hoja moja ya haki, nayo ni jenereta. Kwa mpango huu mifumo itazimwa kwa usalama, lakini itazimwa kila umeme ukikosekana zaidi ya dakika mbili, hata kama mlinzi atawasha jenereta dakika ya kumi. Mapokezi na maabara watakaa bila mfumo hadi kila kitu kiwake tena. Kama hospitali haiwezi kuvumilia hilo, ongezeni boksi la betri la nje kwenye UPS hiihii, ikiwa modeli yenu inalikubali. Boksi lenye betri nyingine nane litawapa zaidi ya mara mbili ya muda, na mtaweza kusubiri jenereta hata dakika 15 kabla ya kuanza kuzima. Kwa mzigo wenu ningelipa hilo kwanza, kabla ya kufikiria kVA 6. Njia nyingine ni swichi inayobadili yenyewe na kuwasha jenereta ndani ya sekunde chache. Ni ghali zaidi, na jenereta yoyote inaweza kukataa kuwaka, kwa hiyo utaratibu wa kuzima bado utahitajika. Kumbuka pia kwamba kiyoyozi hakiko kwenye UPS, na chumba kinachoanza na nyuzi 33 hakiwezi kukaa saa nzima bila hewa baridi, hata betri zikiwepo.

Sasa utaratibu wenyewe. Mpangilio hufuata nani anamtegemea nani: programu zinazimwa kwanza, kisha kanzidata, kisha seva, kisha NAS, na mwisho kabisa UPS ikate umeme wa kutoka. Kwenye kuwasha, mpangilio unageuka. Ugumu ni kwamba hakuna kifaa kati ya hivyo kinachofaa kuwa msimamizi, kwa sababu kila kimoja kitazimwa njiani. Mashine pepe haiwezi kusimamia kuzimwa kwa seva iliyoibeba. Tafuteni kompyuta ndogo inayokula wati chache, ichomekeni kwenye UPS, hamishieni kebo ya USB huko kutoka kwenye NAS, na msakinishe NUT, programu inayosoma hali ya UPS na kuchukua hatua. Swichi ya mtandao inayounganisha vifaa hivi lazima nayo iwe kwenye UPS. Nimeona mipango mizuri ikishindwa kwa sababu amri za kuzima zilipitia swichi iliyokuwa kwenye soketi ya ukutani.

NUT ikishaiona UPS, amri `upsc ups@localhost` itakuonyesha `ups.load`, `battery.runtime` na `ups.status`, ambapo `OL` ni umeme wa kawaida na `OB` ni betri. Katika `upsmon.conf` ielekeze `NOTIFYCMD` kwenye `upssched`, na tukio la `ONBATT` na `ONLINE` uyape bendera ya `EXEC`. Kisha katika `upssched.conf`, baada ya mistari ya `CMDSCRIPT`, `PIPEFN` na `LOCKFN`, weka vipima muda:

```
AT ONBATT * START-TIMER seva3 30
AT ONBATT * START-TIMER zote 120
AT ONLINE * CANCEL-TIMER seva3
AT ONLINE * CANCEL-TIMER zote
```

Muda ukifika, `upssched` huiita skripti yako na kuipa jina la kipima muda, `seva3` au `zote`, nayo ndiyo inayoamua kipi kifanyike. Ya `seva3` inahitaji mstari mmoja tu wa kuizima seva hiyo. Ya `zote`, kwa mfano wenye mashine pepe moja ya programu na moja ya kanzidata, ambapo 10.0.0.11 ni seva ya kanzidata, 10.0.0.12 ni ya programu na 10.0.0.20 ni NAS, ni hii:

```
ssh root@10.0.0.12 'qm shutdown 201 --timeout 120'
ssh root@10.0.0.11 'qm shutdown 101 --timeout 240'
ssh root@10.0.0.12 poweroff
ssh root@10.0.0.11 poweroff
n=0
while [ $n -lt 12 ]; do
  ping -c1 -W1 10.0.0.11 || ping -c1 -W1 10.0.0.12 || break
  n=$((n+1)); sleep 10
done
sleep 20
ssh root@10.0.0.20 poweroff
sleep 120
upsmon -c fsd
```

Kitanzi cha katikati ndicho kinachowatenganisha na hali mliyo nayo sasa. Msimamizi haitumii NAS amri ya kuzima kwa sababu tu muda fulani umepita, bali hungoja seva zote mbili zinyamaze kwanza. Seva ikikwama, kitanzi huisha baada ya dakika mbili au kidogo zaidi na kazi kuendelea, maana kusubiri bila kikomo kungemaliza betri na kuiua hata NAS ghafla. Anwani nimeziandika kwa namba kwa makusudi. Kama seva yenu ya majina ni mashine pepe, itakuwa imeshazimwa wakati msimamizi anapoihitaji. Kwa NAS, tumia amri ya kuzima ambayo mtengenezaji wake anaikubali, na zima mpangilio wake wa zamani wa kujizima kwa kufuata UPS.

Kuna mtego mmoja hapa ambao hujitokeza mara nyingi kuliko mingine yote. Utaijaribu skripti ukiwa `root`, itafanya kazi vizuri, na usiku umeme ukikatika haitafanya lolote. Sababu ni kwamba `upssched` huiendesha kama mtumiaji wa NUT, ambaye kwenye mifumo mingi huitwa `nut`, na mtumiaji huyo hana ufunguo wa SSH wala hajawahi kuzikubali seva zenu kwenye `known_hosts`. SSH inataka "yes" au "no", hakuna wa kujibu, na kila amri inashindwa. Tengeneza ufunguo wa mtumiaji huyo na uuweke kwenye kila kifaa, ungana na kila kifaa mara moja ukiwa mtumiaji huyo kwa anwani zilezile za kwenye skripti, weka `BatchMode yes` na `ConnectTimeout 5` kwenye mipangilio yake ya SSH, kisha ijaribu skripti kwa `sudo -u nut`.

Ndani ya mashine pepe sakinisheni `qemu-guest-agent` na muiwashe katika mipangilio ya Proxmox, ili amri ya kuzima isiishie kwenye mashine isiyosikia. Mashine pepe nyingine mlizonazo, ambazo hazikutajwa kwenye skripti, Proxmox itazizima yenyewe seva inapopewa `poweroff`, na huzisubiri sekunde 180 kila moja kabla ya kuzikata kwa nguvu. Kwa kanzidata zenye kazi nyingi ongezeni muda huo, na kwa hali zote mbili ongezeni raundi 12 za kitanzi ili NAS isiondoke kabla yake. Na kama mmewasha HA kwenye klasta, yaani huduma ya kuwasha mashine pepe kwenye seva nyingine seva yake ikifa, itoeni kwenye mashine pepe hizi au msome kwa makini jinsi inavyoshughulikia kuzimwa, kwa sababu seva mbili kati ya tatu zikiondoka, ile iliyobaki hupoteza akidi na HA inaweza kuiwasha upya katikati ya kazi.

Umeme kurudi nako kuna tatizo lake. Tuseme skripti imeanza, PostgreSQL imeshazimwa, na mlinzi anawasha jenereta. Msikatishe, acheni kazi iishe. Lakini seva zilizozimika kwa utaratibu hazitawaka zenyewe ikiwa UPS haikukata umeme wake wa kutoka, kwa kuwa kwao umeme haukuwahi kupotea. Ndiyo kazi ya mstari wa mwisho, `upsmon -c fsd`: ukiwa umeweka `POWERDOWNFLAG`, msimamizi anajizima na kuiamuru UPS ikate, kisha irudishe umeme hata kama jenereta imeshawaka. Si kila UPS inatii amri hiyo ikiwa umeme wa kuingia umerudi, kwa hiyo hili lijaribuni mkiwa hapo. Katika BIOS ya kila seva wekeni iwake umeme unaporudi, na si irudi katika hali iliyokuwa nayo, maana hali iliyokuwa nayo ni kuzimika. Kisha zicheleweshe mashine pepe hadi NAS iwe tayari:

```
pvenode config set --startall-onboot-delay 180
```

Na umeme ukikatika mara mbili kwa siku moja, mara ya pili itawakuta na betri isiyojaa, kwani kujaza betri zilizomwagwa huchukua saa kadhaa. Iandikeni skripti isome `battery.runtime` tukio linapoanza, na kama ni chini ya sekunde 720 iache kusubiri na ianze kuzima papo hapo. Kama UPS yenu ina `battery.charge.restart`, iwekeni kwenye asilimia 50 hivi ili seva zisiwashwe kabla betri haijapata chaji ya kuzizima tena. Namba ya `battery.runtime` ni makadirio ya UPS, na kwa betri zilizochoka huwa ya kupotosha sana: inasema dakika 20, kisha inaporomoka ghafla. Kwa hiyo betri mpya zikishafungwa zipimeni kwa mzigo bandia, kwa mfano taa tatu za halojeni za wati 500 kila moja, seva zikiwa zimezimwa, na mrudie kila baada ya miezi sita. Kipimo hicho kikishuka chini ya dakika 13, betri zimeisha muda wake hata kama UPS haijalia.

Kuna kazi ambazo msizifanye peke yenu. Betri nane mfululizo ni takriban volti 96 za DC, zinazoweza kuua na kuchoma hata UPS ikiwa imezimwa. Kama hamjazoea, mwiteni fundi. Mkizikuta zimevimba, zimenasa ndani ya trei, au kuna harufu kama ya mayai mabovu, msizivute kwa nguvu. Muiteni fundi umeme pia kama UPS inakataa umeme wa jenereta na kubaki kwenye betri wakati jenereta inanguruma, maana hapo kuna tatizo la volti au masafa, na hakuna skripti itakayolitibu. Na ikitokea tena mashine pepe ya wagonjwa imeamka na diski iliyoharibika, msiendeshe `fsck` wala zana yoyote ya kurekebisha kabla ya kunakili faili lote la diski hiyo mahali pengine. Baada ya nakala hiyo, mtafuteni mtu anayeijua PostgreSQL aangalie nanyi, kwa sababu kurekebisha mfumo wa faili kunaweza kufuta vipande ambavyo yeye angeweza kuviokoa.